Jati ya Mchumba Wako

"Mama, bibi ameniuliza mchumba wangu ni wa jati gani. Hivi dini yetu ya Kihindu kweli inasema mtu huzaliwa juu au chini ya mwenzake, au ni mila tu?"

Mwanangu,

Nimekaa na swali lako siku tatu. Ukimwambia bibi yako "ni mila tu", atakufungulia Rigveda, andiko letu la kale kabisa, na maandiko anayajua kunishinda. Mle mna wimbo wa Purusha, yule mtu mkuu aliyetolewa kafara, viungo vyake vikawa ulimwengu. Kinywa chake kikawa Brahmini, kuhani, mikono ikawa mtawala mwenye silaha, mapaja yakawa Vaishia wa mali na biashara, na miguuni akatoka Shudra, mtumishi. Hizo ndizo varna, yaani tabaka, nne. Ila wimbo wenyewe hausemi kwamba mtoto wa Shudra lazima afe Shudra. Hayo yalikazwa na vitabu vya sheria vilivyokuja baadaye, hasa cha Manu, ambacho hata adhabu kinazipima kwa kuangalia varna ya mkosaji.

Jati, anayoiuliza bibi, ni jambo jingine. Ni jamaa mnaooana na mliorithishana kazi, nazo ziko maelfu. Sisi ni Darji, mafundi cherehani wa Kathiawar, kule Gujarat, India. Babu yako alishikilia kuwa wazee wetu walikuwa Wakshatria, yaani wale watawala wenye silaha, walioweka upanga chini wakashika sindano. Majirani zake kule kijijini walituhesabu Washudra. Ubishi ule haukuisha mpaka anapanda meli kuja Dar es Salaam, maana jati hazikukatwa kwa kipimo cha zile varna nne.

Utasikia wengi wakikutajia kitabu chetu cha Bhagavad Gita, pale Mungu Krishna anaposema aliziumba varna kwa kufuata tabia na matendo. Mimi naipenda aya hiyo, lakini bibi atakujibu kwamba matendo ya maisha yaliyopita ndiyo yanayoamua uzaliwe wapi, na jibu lake ni la zamani sana.

Kwa hiyo msomee kisa cha Satyakama katika Chandogya Upanishad, andiko letu jingine la kale. Kijana alitaka kwenda kusoma kwa mwalimu, akamuuliza mama yake, Jabala, wao ni wa ukoo gani. Mama akamjibu kwamba ujana wake aliupitisha akitumika huku na huku, ndipo akampata yeye, na ukoo wake haujui. "Mimi ni Jabala, wewe ni Satyakama. Jiite Satyakama wa Jabala." Kijana akaenda akayasema hayo hayo mbele ya mwalimu Gautama, bila kuficha kitu. Mwalimu akasema asiye Brahmini hawezi kunena hivyo, kalete kuni nikupokee, kwa kuwa hukuiacha kweli.

Ninaposoma hapo naona ukweli wa yule kijana ndio uliompa cheo. Shankara, mwanachuoni mkubwa, alisoma kinyume: kwake ukweli ule ulithibitisha tu kwamba kijana hakuwa Shudra. Waumini wamegawanyika hapo mpaka leo. Arya Samaj, harakati ya kuirekebisha dini yetu iliyoanzishwa mwaka 1875, hufundisha kwamba varna ni sifa ya mtu, si damu. Wengine wanashika damu, hata kama hawasemi wazi mpaka siku ya posa.

Lakini kuna watu ambao hawamo hata katika zile nne, nao ndio walionibadilisha mimi. Nilipokwenda Gujarat nikiwa msichana, nilikuta kikombe cha bati kimechomekwa chini ya paa la baraza. Kilikuwa cha mama aliyefagia uani. Chai alimiminiwa kutoka juu ili birika lisikiguse, akanywa amechuchumaa, akakiosha mwenyewe, akakirudisha palepale. Kinaitwa rampatra, chombo cha Rama. Jina la Mungu ninayemwomba kila asubuhi lilibandikwa kwenye kikombe kile, na sheria ya India ilikwisha kupiga marufuku utengaji huo tangu mwaka 1950. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba hiyo, alizaliwa miongoni mwa waliotengwa. Mwaka 1956 aliuacha Uhindu akawa Mbudha, na maelfu kwa maelfu wakamfuata. Mimi nimebaki, lakini siwezi kumlaumu.

Ndiyo, mwanangu, yamo maandishi yanayosema mtu huzaliwa juu au chini ya mwenzake, na mimi siyaamini. Bibi si mkatili. Anachoogopa ni kwamba jamaa hawatakuja ukumbini siku ya harusi. Wengine kweli hawatakuja. Nimemwambia mimi mwenyewe kwamba mchumba wako atakula kwetu Diwali, ameketi karibu yake, na thali atakayopakuliwa ni sahani ileile ya shaba tunayotumia sote. Hajajibu bado, ila jana aliniuliza kama kijana anakula pilipili.

Mama yako