Cheti cha polisi kiwe cha mwisho: ushauri kwa wauguzi wanaoomba usajili nje ya nchi

Wauguzi wengi wanaoniomba niwe mdhamini wao katika bodi za usajili za nje huja wakiwa tayari wamekwenda polisi. Cheti cha tabia njema ndicho kinachowatisha kuliko karatasi nyingine zote, kwa hiyo hukikimbilia kwanza, kisha hukaa nacho wakisubiri barua za wadhamini, uthibitisho wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na marekebisho ya majina yasiyolingana. Mambo hayo yanapokamilika, cheti kimekwishapita umri ambao bodi inaukubali, kwa kuwa bodi nyingi hutaka cheti kilichotolewa miezi michache tu kabla ya maombi kupokelewa. Gharama na safari zinaanza upya. Kwa miaka niliyokuwa muuguzi mfawidhi katika hospitali za Kusini nimeandika barua nyingi za aina hii, na ushauri wangu wa kwanza umebaki uleule: anza na karatasi ambazo hazichachi, umalizie na ile inayochacha.

Karatasi isiyochacha kuliko zote ni jina lako. Polisi hutafuta kumbukumbu kwa jina na kwa alama za vidole, Baraza lina jina lililoandikwa siku uliposajiliwa, na bodi ya nje inalo jina lililo kwenye pasipoti. Huku kwetu jina moja huandikwa Saidi kwenye cheti cha kuzaliwa, Said kwenye cheti cha kidato cha nne, kisha likaongezewa jina la babu kwenye kitambulisho cha taifa, na dada aliyeolewa akaweka jina la mumewe kwenye pasipoti peke yake. Mtu anayesoma faili akiwa nchi ya mbali hawezi kujua kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja, na kazi yake haimruhusu kukisia. Tofauti ndogo ya herufi kwa kawaida hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, kinachotaja kila namna jina lilivyoandikwa na katika hati ipi. Jina lililobadilishwa kabisa huhitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukifanya hivyo mapema, hati zote zinazofuata zitaombwa kwa jina moja, lile la pasipoti, na kiapo kitaambatishwa kila mahali.

Baada ya majina huja wadhamini, na hapa ndipo muda mwingi hupotea bila mwombaji kuelewa kwa nini. Desturi yetu ni kumwendea mtu anayeheshimika: sheikh wa msikiti, padri, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu aliyekulea shuleni. Barua zao zina nafasi yake pale bodi inapotaka mtu anayekufahamu nje ya kazi. Hata hivyo, bodi ya taaluma hutaka zaidi kusikia kutoka kwa aliyekusimamia wodini na ambaye yeye mwenyewe ana leseni, na ndugu hapokelewi hata akiwa mganga mkuu wa mkoa. Barua isemayo kwamba fulani ni mchapakazi, mcha Mungu na mwenye ushirikiano humpendeza mwombaji lakini haimjibu msomaji chochote. Msomaji anataka kujua nimemfahamu muuguzi huyu tangu lini na kwa cheo gani, alifanya kazi katika wodi zipi kuanzia tarehe ipi hadi ipi, kama aliwahi kufunguliwa shauri la nidhamu, na kama ninajua jambo lolote kuhusu mwenendo wake ambalo lingenitia shaka kumwachia wagonjwa. Mimi hujibu hayo kwa mpangilio huohuo, kisha naweka cheo changu, namba yangu ya usajili, sahihi na muhuri wa taasisi.

Tarehe ndizo zinazorudisha barua nyingi. Wauguzi wengi wa mikoa yetu walianza kwa kujitolea katika zahanati kabla ya ajira rasmi, bila barua yoyote, na wanapoandika wasifu wao huhesabu kipindi hicho kama kazi. Mdhamini anayefungua jalada huona tarehe ya barua ya ajira tu. Mmoja anaandika 2016, mwingine anaandika 2017, na bodi inauliza mwaka uliokosekana ulitumikaje. Kwa hiyo usimwombe mdhamini barua kwa simu ukamwachia akumbuke mwenyewe. Mpelekee ukurasa mmoja wenye tarehe zako pamoja na nakala za barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na ya uhamisho, na kipindi cha kujitolea ukiandike hivyo hivyo kwamba kilikuwa cha kujitolea. Huku si kumwandikia barua yake. Barua ambayo mwombaji ameiandika mwenyewe na kumpa mkubwa asaini tu hujulikana haraka, hasa pale barua mbili za wadhamini wawili zinapotumia sentensi zilezile.

Jambo jingine ni namna barua inavyosafiri. Bodi nyingi hutaka mdhamini aitume mwenyewe, kwa barua pepe ya ofisi au kwa kujaza fomu inayotumwa kwake, na mwombaji haruhusiwi kuibeba. Hapa kuna tatizo la kweli, kwa sababu wasimamizi wetu wengi wanatumia barua pepe binafsi, na wengine hawafungui kabisa ile ya serikali. Muulize mdhamini wako mapema ni anwani ipi anaifungua kila siku na kama ni ya taasisi. Muulize pia kama anatarajia uhamisho au kustaafu, maana mtu aliyekuwa Newala wakati unajaza fomu anaweza kuwa Nachingwea bodi inapopiga simu, na anayepokea simu ya ofisi ya zamani akasema hamjui. Mimi mwenyewe nilipostaafu niliwaandikia wote niliokuwa nimewadhamini, nikawapa anwani mpya ili waiarifu bodi.

Sasa nieleze mfano wa muuguzi mmoja niliyemsimamia Masasi, aliyetaka faili lake likamilike kufikia Machi. Tulikaa naye Oktoba. Jambo la kwanza lililojitokeza halikuwa polisi wa Tanzania bali Msumbiji, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Pemba kwa miezi minane na hakuona haja ya kuitaja. Bodi nyingi huomba kumbukumbu za polisi kutoka kila nchi uliyoishi kwa muda fulani, na kila moja huweka muda wake. Australia, kwa mfano, huhesabu kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ukiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea. Miezi minane inaingia. Alihitaji hati ambayo Wamsumbiji huiita Registo Criminal, nayo hutolewa kwa Kireno, kwa hiyo ilihitaji pia tafsiri ya mfasiri anayekubaliwa na bodi. Aliwasiliana na ubalozi wa Msumbiji ulioko Dar es Salaam mwezi huohuo ili ajue utaratibu na nyaraka, lakini hati yenyewe aliiomba baadaye, kwa sababu nayo inachacha.

Novemba alishughulikia kiapo cha jina na ukurasa wa tarehe kwa wadhamini wake. Desemba alihuisha leseni yake na kukamilisha kumbukumbu za mafunzo endelevu, ndipo akaomba Baraza litume uthibitisho wa usajili na mwenendo wake kwa bodi moja kwa moja. Wapo wanaofanya kinyume, wakaomba uthibitisho huku leseni imekwisha muda, halafu wakalaumu ofisi kwamba inachelewesha.

Cheti cha polisi alikiacha hadi Januari mwishoni, na hilo lilikuwa na sababu ya pili ambayo watu wa Mtwara na Lindi wataielewa upesi. Msimu wa korosho huanza karibu Oktoba, na familia yake hubangua nyumbani. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Vidole hubabuka, huwa vyeusi, na mistari ya ncha za vidole hufifia kiasi kwamba wino hautoi chochote cha kusomeka. Alama zisizosomeka hurudishwa, na mwombaji hujua baada ya wiki kadhaa kwamba anatakiwa aanze tena. Ngozi ya juu ikiachwa ipumzike, mistari hurudi kama ilivyokuwa, mradi kidonda hakikuingia ndani. Nilimwomba asiguse korosho mbichi tangu Krismasi, apake mafuta mikononi kila usiku, ila asipake asubuhi ya kwenda polisi. Wauguzi tuna adui mwingine wa vidole, yaani kunawa kwa sabuni na spiriti siku nzima, kwa hiyo siku ya kuchukuliwa alama isiwe siku ya kutoka zamu ya usiku.

Unapochukuliwa alama, angalia karatasi kabla hujaondoka. Kila kidole kinatakiwa kiviringishwe kutoka upande mmoja wa ukucha hadi mwingine kwa mzunguko mmoja, bila kurudishwa nyuma. Wino ukizidi, nafasi kati ya mistari hujaa na alama huwa doa jeusi. Ukipungua, mistari hukatika. Joto letu la pwani hutoa jasho linalofanya kidole kiteleze, basi omba kitambaa kikavu ufute kila kidole kabla hakijawekwa. Ukiona doa, omba kwa adabu karatasi nyingine. Afisa hapotezi chochote kwa kurudia, ila wewe unaweza kupoteza mwezi.

Ikiwa unatuma karatasi Dar es Salaam kwa basi, jumuisha masika katika hesabu zako. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Kilwa, na mizigo ya Kusini ikakwama.

Limebaki suala la mambo ya nyuma. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kushtakiwa, kuhukumiwa au kuadhibiwa kazini, na waombaji hudhani kwamba jambo lililokwisha halihesabiki. Soma swali neno kwa neno: likiuliza kushtakiwa, basi hata kesi uliyoachiwa huru inaingia, likiuliza hukumu tu, haiingii. Muuguzi huyo alikuwa na onyo la maandishi la zamani kuhusu daftari la dawa za kulevya ambalo halikujazwa vizuri mwishoni mwa zamu. Alitaka kuliacha. Nilimwambia kwamba mimi kama mdhamini nitalitaja nikiulizwa, kwa kuwa lipo kwenye jalada, na itakuwa vibaya zaidi likisomwa kwangu pasipo kusomwa kwake. Aliandika aya tatu: kilichotokea na tarehe yake, uamuzi wa mwajiri, na alichobadilisha katika utaratibu wake wa kukabidhi zamu. Akaambatisha nakala ya onyo lenyewe. Aliyekuwa na kesi mahakamani aombe nakala ya hukumu mapema, hata ikiwa ni ya Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu majalada ya zamani huchukua muda kupatikana. Bodi iliuliza swali moja tu kuhusu onyo lile, nami nikajibu kwa tarehe zilezile alizoziandika yeye.