Kuhusu "atakuja kesho" katika usemi wa taarifa

"Kwa nini mwalimu amenikosoa nilipoandika: Juma alisema kwamba atakuja kesho?"

Ndugu, sentensi hiyo inasemeka vizuri madhali kesho ya Juma haijafika, lakini zoezi la usemi wa taarifa humweka msimulizi mbali na siku ya mazungumzo, na hapo ndipo -ta- hugeuka kuwa -nge-.

Tuchukue mfano huu: "Nitakurudishia kitabu chako hapa kesho," Juma alimwambia Asha. Alama za mtajo zinaondoka, nasi tunaandika: Juma alimwambia Asha kwamba angemrudishia kitabu chake pale siku iliyofuata. Nafsi ya kwanza na ya pili zote zimekuwa ya tatu, "hapa" imekuwa "pale", na -nge- haidokezi sharti lolote, bali inaonyesha jambo lililokuwa bado mbele Juma aliposema.

Wengi huteleza kwenye "chake", kwa sababu msomaji anaweza kudhani kitabu ni cha Juma mwenyewe. Mimi huwasihi wanafunzi waandike "kitabu cha Asha" panapotokea shaka, hata kama sentensi itarudia jina.

Nyakati nyingine hazisumbui sana: "ninasoma" huwa alikuwa akisoma, na "nimechoka" huwa alikuwa amechoka. Kagua "jana" pia, kwani wengi hubadilisha kitenzi wakaiacha ilivyo, ilhali inapaswa kuwa siku iliyotangulia.