Usiandike nimonia kwenye chanzo: utambuzi wa kiuguzi kwa mtoto mwenye kichomi

Kwenye mipango ya huduma ya wanafunzi wanaokuja kujifunza wodi ya watoto hapa Pemba, sentensi ninayoisahihisha zaidi kuliko zote ni hii: "Kupumua kwa taabu kutokana na nimonia, kama inavyoonekana kwa kupumua kwa taabu na kuwekewa oksijeni." Ukiisoma haraka inaonekana imekamilika. Ina tatizo, ina chanzo, ina dalili, na viunganishi vimekaa mahali pake. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku akiisoma hapati hata jambo moja la kumfanyia mtoto yule, na asubuhi hana cha kupimia kama mtoto amepata nafuu.

Mpangilio huu wa tatizo, chanzo na dalili tumeurithi kwa Marjory Gordon, muuguzi wa Marekani aliyeueneza miaka ya 1970, na majina ya matatizo tunayatoa kwenye orodha ya utambuzi wa kiuguzi ya NANDA. Kwenye faili mtaandika kwa Kiingereza kama skuli inavyotaka. Hapa nitaeleza kwa Kiswahili, kwa sababu wanafunzi wengi wanazijua sentensi za kitabuni kwa moyo, ila hawajui zilivyofikiwa.

Tuchukue mtoto mmoja, mfano nilioutunga kutokana na watoto wa aina hii tunaowapokea. Ni wa kike, ana miezi 18 na uzito wa kilo 9. Amekohoa kwa siku tatu, na tangu jana usiku amezidiwa. Joto lake ni 38.9. Anapumua mara 58 kwa dakika, na kwa umri wake kuanzia 40 tayari ni haraka. Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, na matundu ya pua yanapanuka. Kidoleni mashine inasoma oksijeni asilimia 88. Ukimsikiliza kifuani, sauti za makohozi zimejaa pande zote mbili. Kikohozi chake ni dhaifu, kinaishia kooni, na puani mna kamasi nzito. Mama anasema: "Ananyonya mara mbili tatu, kisha anaacha ahemee." Daktari ameandika nimonia kali na ameagiza dawa. Oksijeni amewekewa kwa mirija ya puani papo hapo, kwa sababu iko chini ya asilimia 90. Mpango wa huduma unaandikwa baada ya hapo, si kabla.

Mwanafunzi akipewa mtoto huyu hukimbilia kuandika tatizo, kwa kuwa ndilo linaloanza kwenye sentensi. Mimi huwaambia waanze mwisho. Chukua karatasi tupu, andika ulichokiona, ulichokisikia, ulichokipima na alichokisema mama, bila kukipa jina lolote. Pumzi zihesabu mwenyewe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, usinakili ya kwenye chati. Kisha angalia vipi vinakwenda pamoja. Kwa mtoto huyu sauti za makohozi, kikohozi dhaifu, kamasi nzito na pumzi za haraka vinajikusanya upande mmoja: njia ya hewa ina uchafu na mtoto hawezi kuutoa. Hilo ndilo tatizo, na kwenye orodha lina jina lake: kushindwa kusafisha njia ya hewa.

Hapo mwanafunzi huuliza, na swali ni la haki: "Mwalimu, si nimonia ndiyo iliyomfanya hivyo? Kwa nini nisiiandike?"

Kweli nimonia ndiyo iliyoleta, mwanangu, lakini nimonia inatibiwa kwa dawa alizoagiza daktari. Chanzo tunachokitafuta ni kile ambacho muuguzi anaweza kukifikia kwa kazi yake. Jiulize: nikikiondoa au nikikipunguza kitu hiki kwa mikono yangu, tatizo litapungua? Nimonia siiondoi. Makohozi mazito naweza kuyalainisha kwa kumpa mtoto vinywaji kidogo kidogo. Kamasi iliyoziba pua naweza kuitia matone ya maji ya chumvi na kuifyonza taratibu. Mtoto aliyelala bapa naweza kumwinua kichwa au kumpakatisha kwa mama. Kwa hiyo sentensi inakuwa:

"Kushindwa kusafisha njia ya hewa kutokana na makohozi mengi na mazito na kikohozi dhaifu, kama inavyoonekana kwa sauti za makohozi pande zote mbili za kifua, kamasi nzito puani, kikohozi kisichotoa kitu, pumzi 58 kwa dakika na kifua kubonyea ndani."

Baadhi ya walimu huruhusu ugonjwa utajwe baada ya chanzo, yaani "kutokana na makohozi mazito kufuatia nimonia." Sina ugomvi na hilo, maadamu makohozi yametangulia. Muulize anayekusahihisha anataka ipi ukae nayo hiyo.

Sasa tazama kila sehemu inavyofanya kazi. Chanzo kimekuagiza la kufanya. Dalili zimekupa lengo: ndani ya saa 48 sauti za makohozi zipungue, mtoto akohoe kwa nguvu, pumzi zishuke chini ya 50, kifua kiache kubonyea. Ile sentensi ya mwanzo haikuwa na haya, kwa sababu dalili yake ilikuwa tatizo lile lile limerudiwa. "Kupumua kwa taabu kama inavyoonekana kwa kupumua kwa taabu" haimwambii mtu kitu. Na kuwekewa oksijeni si dalili. Ni tulichofanya sisi. Dalili ni ile asilimia 88 iliyotufanya tuiweke. Kuna njia nyepesi ya kulikamata kosa hili: soma dalili zako moja moja, uulize kama zingekuwapo hata hospitali ingekuwa haina kifaa chochote cha kutibia na mtoto hajahudumiwa. Kifua kubonyea kungekuwapo. Mirija ya puani isingekuwapo.

Asilimia 88 yenyewe huwachanganya wengi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Oksijeni kuwa chini huelekea zaidi kwenye tatizo jengine, la ubadilishanaji hewa katika mapafu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na huyu wetu huenda anayo. Ninavyowafundisha kutofautisha ni kuangalia kinachobadilika. Ukisafisha pua, ukamwinua, akakohoa vizuri, kisha sauti zikapungua na oksijeni ikapanda, tatizo kubwa lilikuwa njia. Njia ikiwa safi lakini kila ukijaribu kumtoa kwenye oksijeni anarudi chini ya 90, tatizo limo ndani ya mapafu, nalo liandikiwe utambuzi wake peke yake. Usiyabananishe mawili kwenye sentensi moja kwa kiungo cha "na", maana siku moja likipona la kwanza hutajua ufute nini. Ukipanga kipaumbele, njia ya hewa itangulie, kwa sababu hewa haipiti palipoziba.

Kuna chanzo kingine ninachokikuta mara kwa mara, nacho hunikera kwa sababu ya mama anayekaa kitandani pale usiku kucha: "kutokana na uzembe wa mama kuchelewa kumleta hospitali." Sikitaki kwenye faili. Kwanza hakina kazi: kuchelewa kumekwisha pita, na hakuna huduma utakayoifanya leo ya kukiondoa. Pili ni hukumu, na faili ni waraka rasmi unaoweza kusomwa mbele ya watu. Tatu, mara nyingi si kweli. Ukimuuliza mama kwa upole unakuta alikuwa akisubiri nauli, au baba yuko dago kuvua, au bibi alimwambia ampake mafuta kwanza. Ukigundua kuwa mama hakujua dalili za hatari, hapo una tatizo halali la kuliandika, la upungufu wa maarifa. Chanzo chake kitakuwa kutowahi kuelezwa, na dalili yake ni maneno yake mwenyewe: "Nilidhani ni mafua tu." Yaandike kama alivyoyasema. Utambuzi huo unakupa kazi ya kufanya kabla hajaruhusiwa: kumwonesha jinsi kifua kinavyobonyea, kumfundisha kuangalia pumzi, kumwambia mtoto akishindwa kunyonya aje bila kungoja.

Tuje kwenye hatari. Mtoto huyu ana homa, anapumua haraka na ananyonya kidogo, kwa hiyo anaweza kupungukiwa maji. Wanafunzi huandika: "Hatari ya upungufu wa maji kutokana na kunyonya kidogo, kama inavyoonekana kwa macho kuingia ndani na ngozi kurudi polepole ikifinywa." Hapa sentensi inajipinga yenyewe. Kama macho yameingia ndani na ngozi inarudi polepole, maji yameshapungua. Hiyo si hatari tena, ni tatizo lililopo, na mtu anayesoma neno "hatari" ataona ana muda ambao hana. Utambuzi wa hatari una sehemu mbili tu, tatizo linaloweza kutokea na mambo yanayolileta: "Hatari ya upungufu wa maji mwilini kutokana na homa, kupumua haraka na kunyonya kidogo." Vitabu vya karibuni vya NANDA hubadilisha kiunganishi hapo, lakini kinachofuata kinabaki kuwa vile vile visababishi, si dalili za tatizo. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno hatari, mfinye mtoto ngozi ya tumbo, mtazame macho, muulize mama mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Majibu ndiyo yatakayoamua uandike sentensi ipi.

Na kwenye huduma za hatari hiyo muwe waangalifu. "Mpe vinywaji kwa wingi" naiona kwenye kila mpango, lakini mtoto anayepumua mara 58 kwa dakika akilazimishwa kunywa anaweza kupaliwa, maziwa yakaingia mapafuni. Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi, akiwa ameinuliwa. Akishindwa kabisa, mjulishe daktari ili ijadiliwe njia ya mpira wa puani au dripu.

Jambo la mwisho ni tarehe. Siku ya tatu mtoto anacheka, pumzi ni 38, kifua hakibonyei, anakohoa mpaka anatapika makohozi yake, na oksijeni ni asilimia 96 bila mirija. Mwanafunzi amenakili utambuzi wa siku ya kwanza neno kwa neno, na pumzi 58 zikiwemo. Dalili zikiondoka, andika kuwa lengo limefikiwa, weka tarehe na sahihi, ufunge. Kinachobaki wazi siku hiyo ni ule wa maarifa ya mama, na huo haufungwi mpaka yeye mwenyewe akueleze, kwa maneno yake, atarudi lini na kwa dalili gani.