Klipu 340 za Korosho: Zipange na Uzipe Lebo Kabla ya Kugusa Taimulaini

Chukua kazi ya siku 3 za msimu wa korosho Newala: kuokota shambani, kuanika, kubangua, kisha magunia yanapokelewa ghalani. Kamera 2, simu 1 na droni vimekuachia klipu 340. Mhariri akihitaji mkono wa mama mmoja ukipindua korosho juani, unatakiwa uupate kwa sekunde chache. Hilo linaamuliwa kabla ya kuhariri, na linaanzia kwenye jina la faili.

Nakili kila kadi nzima kwenye folda yake (KADI_A, KADI_B, SIMU, DRONI), na nakala ya pili iende kwenye diski nyingine. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake kabla ya kufomati kadi yoyote. Video za simu zitoe kwa waya. Zikitumwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza muda wa kurekodiwa, na muda huo ndio tutakaoutegemea.

Sasa majina. Baadhi ya kamera huanza upya kuhesabu kadi ikifomatiwa, kwa hiyo C0001.MP4 ya Jumatatu na ya Jumanne ni faili mbili zenye jina moja. Siku diski ikibadilishwa, programu inaweza kuunganisha ile isiyo yenyewe, na mzee aliyekuwa anahojiwa anageuka rundo la magunia. Ndiyo maana kila nakala ya kazi ipewe jina lenye tarehe, saa na chombo kilichorekodi, na ufanye hivyo kabla ya kuziingiza kwenye programu, kwa sababu ukibadilisha baadaye utaona Media Offline. Programu ya Exiftool hufanya folda nzima kwa amri moja, hapa folda ya SIMU:

```
exiftool -api QuickTimeUTC -ext mp4 "-FileName<CreateDate" -d "%Y%m%d_%H%M%S_SIMU%%-c.%%e" SIMU
```

Kipande cha `QuickTimeUTC` kina sababu yake. Simu nyingi huandika muda wa UTC ndani ya video, na Tanzania tuko saa 3 mbele. Klipu ya saa 4 asubuhi (10:00) itasomeka 07:00 na kupangwa kabla wabanguaji hawajafika. Kamera nyingine huandika saa ya hapa hapa, na kwa hizo kipande hicho kiondolewe. Chukua klipu moja kutoka kila chombo, ambayo saa yake unaijua kwa hakika, uilinganishe kwanza.

Klipu zikishakaa kwa mfuatano wa saa, utaona matukio yamejikusanya yenyewe. Hapo ndipo lebo zinapoanza. Ndani ya DaVinci Resolve, chagua klipu zote za tukio moja, fungua Metadata, andika kwenye Keywords, kisha bonyeza Save. Ukichagua klipu nyingi na kusahau Save, ulichoandika hakibaki.

Kabla ya hapo, andika orodha ya maneno karatasini, yasizidi 20. Kiswahili chetu kinatoa maneno mengi kwenye mzizi mmoja: leo ukiandika "kubangua", kesho "ubanguaji", keshokutwa "wabanguaji", klipu za kazi moja zimetawanyika sehemu tatu. Chagua umbo moja, mimi napendelea kitenzi. Neno "korosho" liache, maana litakaa kwenye klipu zote 340 na halitachuja kitu. Angalia pia maneno yanayojificha ndani ya mengine. Kama una klipu zenye lebo ya mji wa Mikindani, utafutaji wa "ndani" utakuletea hizo zote, pamoja na picha za ufukweni, kwa hiyo andika "sehemu_ndani" na "sehemu_nje".

Kila klipu inatosha kuwa na lebo 4: tendo, mtu, mahali, na umbali wa picha. Ile ya mkono juani itakuwa "kuanika, mama_A, sehemu_nje, picha_karibu". Kwa mahojiano ongeza kwenye Comments maneno ya kwanza ya kila jibu zito na taimkodi yake. Rangi ya Flag ya klipu itunze uamuzi: kijani inatumika, njano huenda, nyekundu picha imeharibika. Nyekundu usiifute. Picha ikitikisika, mlio wa kubangua unaweza kuwa safi kabisa, ipe lebo "sauti_nzuri".

Kisha tengeneza Smart Bin yenye masharti mawili, Keywords iwe na "kuanika" na iwe na "picha_karibu", chagua All. Kila klipu utakayoipa lebo hizo itaingia humo yenyewe.

Lebo hizi hukaa kwenye hifadhidata ya Resolve, si ndani ya video. Kompyuta ikifa, video zitabaki diskini bila lebo hata moja. Kila jioni ya kazi fungua File, kisha Export Metadata From, Media Pool, upate CSV, uihifadhi kwenye diski zote mbili. Kwenye mashine nyingine CSV hiyo hurudisha lebo kwa kulinganisha jina la faili, na C0001 mbili zikiwepo, lebo za mmoja zinaweza kumwangukia mwenzake.