Usizuie Hundi Uliyomwachia Mwenye Nyumba

Juma lililopita msomaji mmoja wa Thika aliniandikia kwamba mwenye duka analokodi anashika hundi zake nne za kodi, za tarehe za mbele, moja kwa kila robo ya mwaka, na kwamba ile ya mwezi ujao haitapata fedha za kutosha benki. Aliuliza kama aiagize benki isiilipe. Nilimjibu asifanye hivyo, lakini sababu zangu hazikuenea katika jibu fupi, kwa kuwa zimetokana na mwaka ambao sipendi kuukumbuka.

Mwaka 2019 nilikodi duka Nakuru la kushona na kuuza sare za shule. Kodi ilikuwa shilingi 45,000 kwa mwezi, na mzee mwenye jengo alitaka hundi nne za 135,000: za Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Nilizitia sahihi zote siku moja kwa furaha, bila kujiuliza jambo ambalo kila mshona sare analijua, kwamba Julai hakuna mzazi anayenunua sare.

Hundi ya tarehe 1 Julai ilikuta shilingi 118,400 katika akaunti yangu. Zilipungua 16,600 tu, lakini benki haikulipa hata sehemu. Iliirudisha hundi nzima, ikanikata ada, na ada ambayo mzee alikatwa na benki yake aliniongezea mimi. Alitaja neno polisi mara tatu katika simu moja. Nilikuwa tayari kuzizuia hundi zilizobaki, hadi wakili ninayesali naye aliponionyesha kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya.

Kifungu hicho kinamtia hatiani anayetoa hundi akijua fedha hazitoshi, akijua akaunti imefungwa, au akiwa ameshaiagiza benki isilipe. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kisha kinasema kwamba kosa la fedha kutotosha haliihusu hundi ya tarehe ya mbele. Mantiki yake ni nyepesi: anayepokea hundi ya Julai mwezi Januari anajua kwamba fedha hizo bado hazipo, kwa hiyo hajadanganywa, anakudai tu. Lakini kinga hiyo inataja upungufu wa fedha peke yake. Haitaji kufunga akaunti wala kuizuia hundi, na anayefanya hayo kwa hofu anajitoa mwenyewe chini ya mwavuli na kwenda kubishana mbele ya hakimu kuhusu aliagiza nini na lini. Deni nalo linabaki pale pale, na mzee anaweza kukushtaki kwa madai akiwa na hundi hiyo kama ushahidi.

Kwa hiyo sikuzuia. Nilimlipa mzee zile 135,000 kwa simu, kwa awamu mbili, na ya mwisho ilikuwa tarehe 19 Julai. Sikuidai hundi ile iliyorudi. Hilo ndilo kosa ambalo bado linaniuma, kwa sababu karatasi hiyo huendelea kuwa hai kwa miezi sita, na mwanawe aliyekuwa akikusanya kodi aliipeleka benki tena Septemba, wakati akaunti yangu ilikuwa na 290,000 za sare za muhula wa tatu. Benki ililipa. Zikabaki 155,000, na hundi ya 160,000 niliyompa muuza vitambaa ikarudi kwa upungufu wa shilingi 5,000. Mzee hakurudisha fedha. Alizihesabu kuwa kodi ya Oktoba, nami nikaichukua hundi ya Oktoba mkononi mwake siku hiyo hiyo. Muuza vitambaa hajawahi kunikopesha tena.

Kama ni lazima utoe hundi hizi, ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe: namba ya kila hundi, kiasi, tarehe yake, na siku ulipozikabidhi, kisha mwenye nyumba atie sahihi chini ya orodha. Orodha hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba hundi ilikuwa ya tarehe ya mbele. Usitoe kamwe hundi isiyo na tarehe, hata mkopeshaji akiapa kwamba ni dhamana tu, kwa sababu siku mtakapogombana ataijaza tarehe ya jana, na wewe hutakuwa na karatasi ya kumpinga.

Ukiona fedha hazitafika, mwendee mwenye hundi kabla ya tarehe yake, umpe ulicho nacho, na mbadilishane: yeye akurudishie hundi ya zamani, wewe umpe mpya ya kiasi kilichobaki. Akikataa kuirudisha, usimlipe kwa simu. Weka fedha katika akaunti na uache hundi ijilipe. Msomaji wangu wa Thika amekwenda kwa mwenye duka leo asubuhi akiwa na 80,000 na kitabu chake cha hundi.