Shoga yangu, shemeji na habari ya talaka yangu

Swali la wiki: "Nimetengana na mume wangu na anayejua ni rafiki mmoja tu. Nimwombeje asimwambie mtu, na nikisikia ameshasema nifanyeje?"

Nilipopewa talaka ya kwanza na kurudi kwetu Tanga, nilimsimulia shoga yangu kila kitu kwa simu, na mwishoni kabisa ndipo nikasema yabaki baina yetu. Ombi langu lilichelewa, kwani alikuwa ameshayapokea kama mazungumzo ya kawaida, na katika hiyo "baina yetu" yeye alimhesabu na mumewe.

Leo ningeanza na ombi: "Nina jambo la nyumbani ambalo sitaki limfikie mtu yeyote, hata shemeji, mpaka eda yangu iishe. Utaweza kulinyamazia, au nisikwambie?" Kisha ningengoja jibu, na akisitasita ningeacha. Muda huo una maana yake. Katika talaka ya kwanza au ya pili iliyo rejea, mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila kufunga ndoa upya, na eda ya mwanamke anayepata hedhi kwa kawaida huwa kama miezi mitatu. Mawifi na mashangazi wakianza kujibizana katika kipindi hicho, hata mume aliyekuwa akijirudi huona haya kurudi. Isitoshe, mtu akijua siri ina mwisho, huibeba kwa wepesi zaidi.

Mpe pia la kujibu atakapoulizwa. "Muulize mwenyewe" linatosha. Mimi nilimwambia aseme mama anaumwa, na wiki hiyohiyo majirani wawili wakaja na machungwa kumjulia hali mgonjwa, wakamkuta anafua.

Siku ya nne wifi yangu alinipigia, nami nikajua habari imetoka. Nilitamani kumuuliza shoga yangu kwa nini, lakini swali hilo lingezaa visingizio tu, na mimi nilihitaji kujua mambo mawili: amemwambia nani, na kwa maneno gani. Alikiri kuwa amemwambia mumewe na mwenzetu mmoja wa upatu, na kwamba alisema "kaachwa", bila kugusa sababu. Hapo nikatambua kilichobaki mkononi mwangu ni ile sababu. Sikumtuma akakanushe, kwa kuwa anayekanusha hulazimika kuitaja habari upya. Nilimwambia, "Umeniumiza. Wakikurudia, usiongeze neno, na usinitetee." Jioni hiyohiyo nilimpigia mama mkwe, nikamweleza mwenyewe kwa sentensi mbili kwamba nimepewa talaka moja na niko kwetu ndani ya eda, kabla hajayasikia ya upatuni.

Shoga yangu tumebaki naye. Ila yaliyoamuliwa eda ilipokwisha aliyasikia siku moja na watu wengine wote.