Jibu: Mwenzangu anataka kuondoka na nusu ya kampuni

"Tulianza wawili, hamsini kwa hamsini. Sasa anaondoka na anadai nusu yake yote, mimi nibaki nasukuma gurudumu. Nifanyeje?"

Salaam ndugu. Kabla hujataja bei, fungua katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa, kama mnao. Tafuta kama hisa zinapatikana kidogo kidogo kwa muda, na nani ana haki ya kwanza kununua za anayetoka. Mimi pia mwenzangu aliondoka hivyo, na hatukuwa na hata kifungu kimoja, kwa hiyo nusu ilikuwa yake kweli, na kelele zangu hazikubadilisha kitu.

Kilichotufungua ni hesabu. Tulijifanya kana kwamba tuliandikiana hisa zipatikane kidogo kidogo kwa miezi 48. Alikuwa amefanya kazi miezi 18, yaani 18 kugawa kwa 48 mara asilimia 50: asilimia 18.75. Alinuna siku tatu, kisha akakubali kunirudishia ziada, kwa sharti kwamba pesa taslimu alizoweka mwanzoni zihesabiwe mkopo na zirudi zote. Hiyo 18.75 niliinunua kwa awamu, kila malipo yakihamisha sehemu ya hisa. Usidai uhamishiwe zote kwa ahadi, hatakubali, na ana haki.

Tulipokosea ni benki. Alikuwa amedhamini mkopo wa kampuni kwa jina lake, na kuuza hisa hakukumtoa kwenye dhamana. Nilipochelewa rejesho moja, wakampigia yeye! Pata barua ya benki ya kumwachilia kabla ya kusaini. Pia aandike kwamba kazi zote alizotengeneza ni mali ya kampuni, na akabidhi nywila.